Jeraha la Mdungo

Jeraha la mdungo ni shimo jembamba lenye kina, linaloachwa mwilini na kitu chenye ncha kama msumari. Baadhi ya orodha za istilahi huliita "jeraha la kuchomwa", na tafsiri hiyo ina kasoro kubwa: mtu huchomwa na mwiba, huchomwa sindano, huchomwa na moto. Karatasi ya huduma ya kwanza inayotaja "aliyechomwa" haimwelezi msomaji kama anatibu shimo au lengelenge. "Kutobolewa" kunakaribia, lakini kutoboa huleta picha ya ncha kutokea upande wa pili. Kudunga kunatosha: ncha huingia, huishia ndani, kisha hutoka. Mdungo umeundwa kama mkato, na hakuna sababu ya kilugha ya kuupuuza.

Jina lina uzito kwa kuwa hatari imo katika umbo la jeraha. Mkato hufunguka na kuvuja damu. Mdungo hutoa matone machache, mdomo wake hujifunga, na uchafu ulioingia na ncha hubaki chini pasipo hewa. Hapo ndipo bakteria wa pepopunda hustawi. Kutu yenyewe haileti pepopunda. Mbegu za bakteria hao hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Katika Rungwe, ambako samadi ya ng'ombe hutiwa migombani, msumari unaong'aa uliodondoka zizini ni wa kuogopwa sawasawa na wenye kutu.

Tuseme mkulima wa Tukuyu anabomoa zizi kuukuu na kukanyaga msumari uliopenya kandambili. Ukishatoka, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji safi yanayotiririka kwa dakika kadhaa. Halichokonolewi, halishonwi, wala halipakwi majivu au mafuta ya taa. Hufunikwa kwa kitambaa safi kisichokaza. Maumivu yakizidi baada ya siku mbili tatu badala ya kupungua, huenda kipande cha raba kimebaki ndani au mfupa umeambukizwa, na daktari ndiye wa kulifungua.

Chanjo ya pepopunda hutegemea kumbukumbu za chanjo za mkulima huyo. Wanawake huchanjwa tena wakati wa ujauzito. Mwanamume mara nyingi hubaki na zile za utotoni tu. Ikiwa alimaliza dozi 3 na ya mwisho imepita miaka 5, mdungo mchafu kama huu unamdai dozi 1 ya nyongeza mapema iwezekanavyo. Kwa jeraha dogo safi, kipimo ni miaka 10. Asiyejua kama alichanjwa huanza upya: dozi siku hiyo, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6 au zaidi. Kwa kuwa chanjo huchukua muda kujenga kinga, huyo, akiwa na jeraha chafu, huhitaji pia sindano ya kingamwili zilizo tayari, mahali tofauti mwilini. Aliyechelewa bado huchanjwa, kwani pepopunda kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 3 na 21, mara nyingi taya likianza kukaza wakati shimo la mguuni limekwisha kupona.