Kukodi au Kununua Gari la Kusambaza Bidhaa: Swali la Bei ya Kuuzia

Msambazaji wa maji ya chupa jijini Dar es Salaam anayehitaji Canter ya tani tatu kwa njia ya Ubungo hadi Mbagala hupewa karatasi mbili. Ya kwanza inatoka benki na inaonyesha marejesho ya kila mwezi ya mkopo. Ya pili inatoka kwa kampuni inayokodisha magari, nayo inaonyesha kodi ya kila mwezi, bima na matengenezo yakiwa ndani. Kwa kuwa karatasi zote mbili zina namba ya mwezi, mkono huenda wenyewe kwenye kulinganisha namba hizo. Makala hii inadai kwamba ulinganisho huo ndio unaopotosha zaidi. Inapendekeza swali jingine: gari litauzwa kwa bei gani mwisho wa muda ili njia hizi mbili zilingane? Bei hiyo nitaiita bei ya usawa. Ikishajulikana, kazi iliyobaki ni kuuliza soko kama bei hiyo inafikika, na swali hilo dalali wa magari analijibu vizuri kuliko mhasibu.

Nichukue namba za mfano, zilizokatwa ili hesabu ifuatike. Gari linauzwa shilingi milioni 80, kodi zote zikiwemo, na mfanyabiashara wetu hajasajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani. Akinunua, atatanguliza milioni 16 na kukopa milioni 64 kwa miezi 36, riba ikiwa asilimia 20 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Marejesho yanakuwa takriban milioni 2.38 kwa mwezi. Bima kubwa, sevisi, matairi na matengenezo nayakadiria laki sita kwa mwezi. Akikodi gari hilohilo kwa miezi 36, analipa milioni 2.9 kwa mwezi kwa yote hayo. Mafuta na mshahara wa dereva na utingo ni yake kwa vyovyote vile, kwa hiyo nayaacha nje ya hesabu.

Kwa macho ya haraka, kununua kunagharimu milioni 2.98 kwa mwezi na kukodi milioni 2.9. Karibu sawa, na anayenunua anabaki na gari. Wengi huishia hapo na kusaini benki.

Mwangalifu zaidi atajumlisha fedha zote za miaka mitatu. Kununua kunafika milioni 123.2 ukijumlisha kitangulizi, marejesho na matunzo. Kukodi ni milioni 104.4. Tofauti ni kama milioni 18.8, basi atasema: gari likiuzwa zaidi ya milioni 19 baada ya miaka mitatu, nimefaulu. Hesabu hii ni bora kuliko ya kwanza lakini bado ina kasoro, kwa sababu inahesabu shilingi ya leo na shilingi ya mwezi wa 36 kana kwamba zina uzito mmoja. Milioni 16 za kitangulizi zinatoka mfukoni siku ya kwanza. Fedha za kuuza gari zinaingia siku ya mwisho. Kwa riba ya asilimia 20 inayokokotolewa kila mwezi, shilingi itakayopokelewa baada ya miezi 36 ina thamani ya senti 55 tu leo.

Tukirudisha malipo yote kwenye thamani ya sasa kwa kiwango hichohicho cha benki, jambo moja linajitokeza. Thamani ya sasa ya marejesho yote ya mkopo ni milioni 64 kamili, yaani mkopo wenyewe. Riba ambayo kila mtu anailalamikia imetoweka kwenye ulinganisho, kwa kuwa ni bei ya kuchelewa kulipa na tumeipima kwa kipimo kilekile. Kununua kunabaki kuwa milioni 80 za gari na milioni 16.1 za matunzo, jumla milioni 96.1. Kukodi ni milioni 78. Pengo ni milioni 18.1 za leo, na ili kulifunika kwa fedha za mwezi wa 36, gari linapaswa kuuzwa karibu milioni 33, yaani kama asilimia 41 ya bei yake. Hiyo ndiyo bei ya usawa. Aliyejumlisha bila kupunguza alijipunguzia mtihani kwa milioni 14.

Kabla ya kwenda sokoni, karatasi ya benki inastahili kutazamwa tena. Baadhi ya wakopeshaji hutaja riba inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa awali kwa miaka yote, hata baada ya sehemu kubwa ya deni kulipwa. Asilimia 12 ya aina hiyo inasikika nafuu sana mbele ya asilimia 20. Kwa milioni 64 na miaka mitatu inazaa riba ya milioni 23.04, wakati asilimia 20 juu ya salio linalopungua inazaa kama milioni 21.6. Kwa hiyo asilimia 12 ile ni ghali zaidi. Kiwango chake halisi ni kama asilimia 21. Njia rahisi ya kuitambua ni kuomba jedwali la marejesho na kutazama safu ya riba. Ikiwa riba ya mwezi wa 30 ni sawa na ya mwezi wa kwanza, deni halipungui machoni pa mkopeshaji. Ada ya kushughulikia mkopo na bima ya mkopo nazo ziongezwe, maana zinalipwa mwanzoni, wakati fedha ni nzito.

Turudi kwenye milioni 33. Je, soko litazitoa? Hapa mazingira yetu yana sura yake. Sehemu kubwa ya magari ya mizigo madogo yanayozunguka Tanzania yaliingia yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, kwa hiyo mnunuzi wa gari lililotumika si mtu wa pembeni. Yeye ndiye soko lenyewe. Bei ya gari la mtumba jijini inafungwa na gharama ya kuleta jingine: bei ya mnada kule, nauli ya meli, ushuru bandarini, na kiwango cha dola. Shilingi inaposhuka, gari la kuleta linapanda, nalo lililopo yadi linapanda pamoja nalo kwa shilingi, ingawa limechakaa. Mwenye gari, bila kukusudia, ameshika mali inayofuata dola. Mwenye mkataba wa kukodi kwa shilingi amelindwa miaka mitatu tu, kisha mkataba mpya unamfikia na bei mpya.

Lakini hoja hiyo inashika kwa gari ambalo kila fundi analijua na vipuri vyake vimejaa Gerezani. Canter yenye bodi wazi ina wanunuzi wa kila namna, kuanzia muuza mbao hadi mkulima. Weka juu yake boksi la baridi la kusambazia maziwa, na idadi ya wanaoweza kulitumia inashuka ghafla. Fedha zilizotumika kwenye boksi hazirudi zote. Kazi yenyewe pia inaacha alama. Usambazaji wa mjini ni safari fupi, kusimama na kuondoka mara nyingi, na hiyo hula klachi na breki kuliko odomita inavyoonyesha. Mnunuzi mzoefu hulala chini ya gari kabla ya kuwasha injini: anatafuta alama za kuchomelea kwenye chesisi na springi zilizolala, ushahidi wa mizigo iliyozidi. Akiziona, bei inakatwa bila mjadala mrefu.

Kwa hiyo bei ya kuuzia isikisiwe mezani. Mfanyabiashara wetu aende yadi tatu, aulize wanachotoa taslimu, leo, kwa gari la aina hiyo lililozeeka kwa miaka mitatu zaidi, lililofanya kazi ya aina hiyo. Bei iliyobandikwa kiooni si jibu. Hiyo ni ndoto ya muuzaji. Tuseme amejibiwa milioni 48, 44 na 40. Mimi ningechukua ya chini na kuondoa asilimia tano kwa ajili ya dalali na marekebisho madogo ya kabla ya kuuza. Inabaki milioni 38. Ni zaidi ya 33, na kununua kumeshinda.

Kumeshinda kwa milioni tano tu, ambazo leo ni kama milioni 2.8. Ushindi huo ni mwembamba, na mambo mawili yanatosha kuupindua.

La kwanza ni siku za gereji. Mikataba mingi ya kukodi yenye huduma huahidi gari mbadala. Mwenye gari lake hukodi la mtu kwa siku. Lake likilala siku mbili kwa mwezi, na Canter ya kukodi ikigharimu laki moja na ishirini kwa siku, hizo ni laki mbili na arobaini kila mwezi. Ziingize kwenye hesabu, bei ya usawa inapanda hadi milioni 44 na nusu, na sasa kukodi ndiko kunakoshinda. Mwenye magari matano anaweza kupanga zamu na gari la akiba. Mwenye gari moja hana pa kukimbilia. Kwa maoni yangu hii ndiyo tofauti kubwa zaidi kati ya msambazaji mdogo na mkubwa, na ndiyo isiyoandikwa kwenye karatasi yoyote kati ya zile mbili.

La pili ni kiwango cha kupunguzia. Nimetumia asilimia 20 kwa sababu ndiyo riba ya mkopo, lakini mfanyabiashara ambaye fedha yake dukani inazaa asilimia tatu kwa mwezi baada ya gharama zote, na ambaye stoo yake inakauka kila mwisho wa wiki, anapoteza zaidi anapofungia milioni 16 kwenye kitangulizi. Kwa kiwango hicho bei ya usawa inaruka hadi milioni 51. Yadi haitamlipa. Mwenye fedha zilizolala benki kwa riba ndogo yuko upande wa pili kabisa: kwake bei ya usawa inashuka, na kununua kunazidi kupendeza. Gari ni lilelile, soko ni lilelile, na majibu mawili tofauti yote ni sahihi.

Hoja moja ya zamani ya kukodi imekufa nusu. Ilisemwa kwamba gari la kukodi halionekani kama deni kwenye vitabu. Tangu 2019 kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 16 kinazitaka kampuni zinazokifuata kuandika wajibu wa kukodi kwa muda mrefu kama deni, isipokuwa mikataba isiyozidi miezi 12 na mali za thamani ndogo.

Mkataba wa kukodi wenyewe unaweza kubadilisha namba yake kimyakimya, kwa vifungu vitatu. Cha kwanza ni kodi. Milioni 2.9 ikiandikwa "kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani", asiyesajiliwa anaweza kulipa hadi milioni 3.42, na bei ya usawa ikaanguka hadi karibu milioni 7. Hata gari bovu litauzwa zaidi ya hapo. Cha pili ni kilomita zinazoruhusiwa kwa mwezi na tozo ya kila kilomita inayozidi. Dereva anayekwepa foleni ya Mandela kwa kuzungukia mbali huongeza kilomita bila kuongeza katoni hata moja. Cha tatu ni kuvunja mkataba mapema. Aliyenunua na akapoteza mteja mkubwa mwezi wa 14 anaweza kuuza gari na kumaliza mkopo, mradi bei izidi salio, kwa kuwa benki haiachii kadi ya gari kabla ya hapo. Katika hesabu yetu salio la mwezi huo ni kama milioni 43.5, na gari la milioni 80 lenye mwaka mmoja na kidogo lina nafasi nzuri ya kulifunika. Aliyekodi anatazama kifungu. Kikimdai kodi ya miezi yote 22 iliyobaki, ni milioni 63.8 kwa gari ambalo hatakuwa nalo. Kikimdai miezi mitatu, ni milioni 8.7.