Kuigiza bila kukariri: njia ya kumfungua mdomo mwanafunzi wa Kiswahili

Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa watoto wengi wa vijijini Uganda hiyo ni lugha ya kujifunza darasani, kwa kuwa nyumbani wanazungumza Kiganda, Kisoga, Kiacholi au lugha nyingine. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kujaza vizuri nafasi zilizoachwa wazi kwenye daftari, lakini akisimamishwa aseme, ananyamaza. Anaogopa kukosea huku wenzake wakimcheka.

Njia moja inayosaidia ni igizo la papo kwa papo. Hakuna mistari ya kukariri. Mwanafunzi anapewa nafasi ya kuigiza na jambo analolitaka, kisha anatafuta maneno mwenyewe.

Tuchukue mfano wa abiria na mwendesha bodaboda, katika kipindi cha dakika 40.

Kujiandaa

Kwanza mwalimu anaandika ubaoni maneno machache yatakayohitajika: nauli, mzigo, punguza, mbali, mafuta. Haandiki mazungumzo kamili, maana wanafunzi wangeyasoma tu.

Kisha anawagawa wawiliwawili pale walipokaa, na kila mmoja anapewa siri yake kwenye kipande cha karatasi. Siri ya abiria: "Una shilingi 2,000 tu, na una gunia la mahindi." Siri ya mwendesha boda: "Mafuta yamebaki kidogo. Usikubali chini ya shilingi 3,000." Siri hizi ndizo zinazoleta mazungumzo. Kama wote wawili wangejua kila kitu, wasingekuwa na haja ya kuulizana.

Kuigiza

Jozi zote zinaanza kwa pamoja na kuzungumza dakika mbili. Darasa litakuwa na kelele, na kelele hiyo inamkinga mwenye aibu, kwani anayemsikia ni mwenzake mmoja tu. Ukianza kwa kuwaita wawili mbele ya darasa zima, unairudisha ile hofu unayotaka kuiondoa.

Sikiliza jinsi mazungumzo yanavyoweza kwenda:

– Kwenda sokoni ni pesa ngapi?
– Elfu tatu.
– Punguza, ndugu yangu. Nina elfu mbili.
– Na hiyo gunia?
– Mzigo yangu ni ndogo!

Kuna makosa mawili hapo: ilitakiwa "hilo gunia" na "mzigo wangu ni mdogo". Hata hivyo abiria ameeleweka, na bei inaendelea kujadiliwa. Mwalimu asimkatishe. Anapita kati ya madawati na kuandika makosa aliyoyasikia kwenye daftari lake.

Kusahihisha na kurudia

Igizo likisimama, mwalimu anaandika ubaoni sentensi mbili au tatu zenye makosa yaliyojitokeza kwa wengi, bila kutaja aliyezisema. Darasa zima linasahihisha. Hapo upatanisho wa ngeli unaeleweka kwa urahisi, kwa sababu dakika chache zilizopita kila mmoja alikuwa na mzigo wa kuusemea.

Baada ya hapo wanabadilishana nafasi, wanatafuta wenzi wapya na kurudia igizo lilelile. Hatua hii isirukwe. Mara ya kwanza akili inatafuta la kusema na maneno ya kulisemea. Mara ya pili la kusema linajulikana, kwa hiyo maneno yanatoka haraka zaidi. Anayetaka kuonyesha mbele ya darasa aonyeshe mwishoni, kwa hiari yake.

Panapoharibika

Wakirudi kwenye lugha ya nyumbani, usikimbilie kuwaadhibu. Mara nyingi ni dalili kwamba wamekosa neno. Simamisha, uliza wanataka kusema nini, ongeza neno hilo ubaoni, kisha waendelee.

Jozi ikimaliza kwa nusu dakika, siri zilikuwa nyepesi: labda abiria alikuwa na pesa za kutosha. Ongeza kikwazo, kwa mfano mvua imeanza kunyesha. Na kama mmoja anazungumza peke yake, mpe yule mkimya nafasi ya mwenye kuuliza, kwani mwenzake atalazimika kumngoja.

Igizo hili halifundishi sarufi mpya. Linayatoa mdomoni yale ambayo mwanafunzi ameshayaona daftarini, hivyo lifanyike baada ya somo la nauli na bei, si kabla yake.

Utajuaje kama limefaa? Linganisha mara ya kwanza na ya pili: je, kimya kati ya swali na jibu kimepungua? Je, yule aliyekuwa akijibu kwa neno moja sasa anauliza swali lake mwenyewe? Hizo ndizo dalili za kutazama, hata kama "mzigo yangu" bado inasikika hapa na pale.