Kufuta hazina ya programu au kuiweka kwenye kumbukumbu: Nini hubaki, nini hupotea

USHAHIDI ni programu iliyozaliwa nchini Kenya Januari 2008, kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Iliwawezesha wananchi kutuma taarifa za matukio ya vurugu na kuyaona kwenye ramani. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na mwaka 2010 ilitumika pia Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Toleo lake la pili lilitunzwa katika mtandao wa GitHub kwa jina la Ushahidi_Web. Baadaye programu iliandikwa upya, nayo kazi ikahamia hazina nyingine iitwayo platform. Hazina ni mahali panapowekwa msimbo pamoja na historia ya kila badiliko lake.

Kila mradi unaovuka hatua ya namna hiyo hukabiliwa na swali moja: hazina ya zamani ifutwe, au iwekwe kwenye kumbukumbu? Vitufe vyote viwili vimo katika ukurasa mmoja wa mipangilio, chini ya kichwa cha maneno Danger Zone, lakini matokeo yake hayafanani.

Hazina iliyowekwa kwenye kumbukumbu husomeka tu. Msimbo, masuala (yaani taarifa za hitilafu na maombi ya watumiaji) na majadiliano yote hubaki mahali pake, ila hakuna anayeweza kuongeza neno wala kubadili mstari. Watu bado wanaweza kuinakili, na mwenyewe anaweza kuifungua tena wakati wowote.

Kufuta ni jambo jingine. Kwa mfano, mwanafunzi wa Mtae, wilayani Lushoto, angekuwa amechukua nakala tanzu ya hazina ya wazi na kuiweka katika akaunti yake ili aitafsiri kwa Kiswahili. Mwenye hazina anapoifuta, nakala ya mwanafunzi huyo haifutiki. GitHub huteua mojawapo ya nakala tanzu zilizobaki kuwa hazina mama mpya. Hata nakala aliyoipakua kwenye kompyuta yake huko milimani Usambara ina historia nzima ya msimbo, naye huweza kuisoma bila mtandao.

Mambo huwa tofauti iwapo hazina ilikuwa ya faragha: hapo nakala tanzu zote za faragha zilizo GitHub hufutwa pamoja nayo.

Hasara kubwa, hata hivyo, haiko kwenye msimbo. Masuala hayanakiliwi katika nakala tanzu, wala hayashuki na msimbo unapopakuliwa. Kama mwanafunzi huyo alikuwa ameripoti kuwa ramani haifunguki penye mtandao hafifu, na mafundi wakamweleza sababu, maelezo hayo hutoweka. Ombi lake la kuunganisha tafsiri hutoweka vilevile, ingawa tafsiri yenyewe hubaki kwake. Anayekuja baadaye huona mstari wa msimbo bila kujua kwa nini uliandikwa hivyo.

Miradi iliyounganishwa nayo huumia pia. Programu inayoichota hazina hiyo kwa anwani yake husimama siku inapojengwa upya, na ujumbe huu huonekana:

```
remote: Repository not found.
```

Hazina iliyo kwenye kumbukumbu haileti tatizo hilo, kwani anwani yake huendelea kufanya kazi.

Aliyefuta kwa bahati mbaya ana siku 90 za kuirejesha kupitia mipangilio ya akaunti. Lakini iwapo bado zipo nakala tanzu, kitufe cha kurejesha huenda kisionekane, naye hulazimika kuwaandikia wahudumu wa GitHub. Hata ikirejea, masuala hurudi bila lebo zake.

Wapo wanaofuta kwa sababu nywila iliachwa ndani ya msimbo. Hiyo si dawa, kwa kuwa mabadiliko ya zamani huweza kuendelea kufikiwa kupitia nakala tanzu. Kinachotakiwa kwanza ni kuibadili nywila yenyewe.

Asiye na budi kufuta hupaswa kutoa nakala mbili kabla: moja ya msimbo, nyingine ya masuala. Amri ya kwanza huhifadhi matawi yote, ya pili huandika masuala na maoni yake katika faili moja:

```
git clone --mirror https://github.com/JINA/MRADI.git
gh issue list -R JINA/MRADI --state all --limit 5000 --json number,title,body,comments > masuala.json
```

Anayechagua kumbukumbu naye ana kazi moja kabla ya kubonyeza: kuandika katika faili la README mahali mradi ulikohamia, kwa sababu baada ya hapo hataweza kuongeza hata nukta mpaka aifungue tena.