Uhakiki wa ripoti ya hitilafu

Uhakiki wa ripoti ya hitilafu ni kuipima taarifa ya kasoro ya programu kabla haijamfikia mtengenezaji. Nchini Rwanda, ambako mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS ulianza kutumika mwaka 2006, ripoti nyingine hutoka mbali na waandishi wa msimbo.

Tuseme kituo cha afya cha Giheke, wilayani Rusizi, kimeandika: “Tarehe si sahihi.” Kichwa hicho hakisemi tarehe ipi wala ya nani. Mhakiki huuliza kwanza hatua: ulifungua fomu gani, ukajaza nini, ukatarajia nini, ukaona nini? Muuguzi anajibu kwamba alisajili mtoto mchanga saa 6:40 usiku, akahifadhi, na tarehe ya jana ikatokea. Mhakiki akirudia hatua hizo mchana, kila kitu kinakwenda sawa, na hapo ndipo wengi hufunga ripoti kwa haraka mno.

Kilichokosekana ni mazingira. Toleo la programu na kivinjari havitoshi. Saa ya seva nayo inahusika:

```
timedatectl
```

Ikionyesha UTC, chanzo kinachoshukiwa zaidi kimepatikana: Rwanda iko mbele kwa saa mbili, hivyo saa 6:40 usiku huko Giheke, kwenye seva bado ni jana. Kichwa sasa huandikwa: “Usajili wa kati ya saa 6 na saa 8 usiku hupewa tarehe ya jana, seva ikiwa UTC.”