Jina la Jukwaani Halipokei Hela: Safari ya Dola za YouTube Hadi Nairobi

Mashabiki wanamjua kwa jina la kuchekesha, lile linaloanza kwa herufi kubwa na kuishia na "Boy" au "Kid" au "wa Mtaa". Posta hailijui jina hilo. Benki nayo hailijui, na watu wa kodi ndio kabisa. Ukifuatilia jinsi wasanii wa mtandaoni wa Kenya walivyolipwa tangu enzi za blogu hadi leo, utaona kwamba pesa nyingi zilikwama kwenye jina kabla hata hesabu haijapigwa.

Mwanzoni kulikuwa na barua. AdSense, mfumo wa Google unaolipia matangazo, ulitaka kwanza kujua kama kweli unaishi unakosema unaishi. Mapato yakifika dola 10, barua yenye namba za siri inatumwa kwa posta, nawe unaziingiza kwenye akaunti yako. Usipoziingiza ndani ya miezi minne, matangazo yanazimwa. Sasa fikiria kijana wa Kayole anayetumia sanduku la posta la shule aliyomaliza zamani. Barua inafika kwa karani, karani anasoma jina la ajabu kwenye bahasha, anaiweka kando. Wengi walisubiri wee, wakaomba nyingine, na hiyo nayo ikapotelea humo humo.

Barua ikishafika, kikwazo cha pili kilikuwa dola 100. Chini ya hapo hulipwi, salio linasogezwa mwezi unaofuata. Blogu ndogo iliweza kukaa mwaka mzima ikiitafuta mia moja. Halafu inakuja hundi ya dola, nayo ukiipeleka benki unaambiwa usubiri wiki kadhaa hadi ithibitishwe kule ilikotoka, na ada inakatwa. Ndiyo maana Western Union ilipendwa sana: unaenda na kitambulisho, unatoka na noti. Lakini jina kwenye malipo lilipaswa kufanana na la kitambulisho, na usipochukua ndani ya siku 60 pesa zinarudi kwenye akaunti ya AdSense. Aliyejisajili kwa jina la jukwaani alifika dirishani akageuzwa.

Kilichoshangaza wengi ni kwamba haya yote yalitokea katika nchi ya M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007. Mama mboga alikuwa anapokea pesa kwa simu huku mtu wa YouTube akipanga foleni na hundi. Sababu ni kwamba M-Pesa ilijengwa kwa shilingi, kati ya namba za humu ndani, na kila muamala una kikomo. Mwaka 2018 njia ya kuhamisha pesa kati ya PayPal na M-Pesa ilifunguliwa, ikawafaa wanaolipwa na wateja wa nje. Mkwanja wa AdSense wenyewe ukabaki kupitia benki: dola zinatumwa kwa namba ya SWIFT, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi, kisha mwenyewe anazisukuma kwenye simu.

Benki ilimaliza foleni, ila ikaleta makato yasiyopiga kelele. Dola zikiingia kwenye akaunti ya shilingi, benki inazibadilisha yenyewe kwa bei yake ya kununua, ambayo huwa chini ya ile unayoiona kwenye habari. Ukiwa na akaunti ya dola, unachagua siku ya kubadilisha. Hapo kuna kamari yake. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Waliozificha dola wakisubiri ipande zaidi waliumia, na waliobadilisha mapema walionekana wajanja, ingawa wengi wao walikuwa wanalipa tu kodi ya nyumba.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 2021. Google ilitangaza kwamba kila mwenye chaneli nje ya Marekani ajaze taarifa za kodi kabla ya Mei 31. Mtu binafsi anajaza fomu ya W-8BEN kwa jina lake la kitambulisho. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo sehemu ya mapato inayotokana na watazamaji walioko Marekani inakatwa asilimia 30. Wengi waliposikia 30 wakaikimbia fomu wakidhani kuijaza ndiko kunakoleta makato. Kumbe kutojaza ndiko kulikouma.

Piga hesabu hii. Tuseme mchekeshaji mmoja wa Nairobi ameingiza dola 500 kwa mwezi, na kati ya hizo dola 60 zimetoka kwa watazamaji wa Marekani. Akiwa na fomu, anakatwa asilimia 30 ya 60, yaani dola 18, anabaki na 482. Bila fomu, kwa kanuni zilizotangazwa mwaka ule, anakatwa asilimia 24 ya mapato yote, yaani dola 120, anabaki na 380. Dola 102 zimeenda kwa sababu ya ukurasa mmoja. Na fomu hiyo inaisha muda: iliyojazwa 2021 ilifika mwisho wake Desemba 2024. Ukiona malipo yameshuka ghafla wakati watazamaji ni wale wale, fungua orodha ya miamala kwenye AdSense uangalie mstari wa kodi kabla ya kulaumu algorithimu.

Zile 482 zikifika benki, tuseme ada ya kupokea ni dola 10, zinabaki 472. Kwa bei ya 130 ni shilingi 61,360. Benki ikizichukua kwa 127, ni shilingi 59,944. Shilingi 1,416 zimeyeyuka bila mtu kutuma ujumbe.

Kisha Kenya nayo ikaja. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipendekeza kodi ya zuio ya asilimia 15 kwa maudhui ya kidijitali. Kelele zikapigwa, sheria ikatoka na asilimia 5 kwa mkaazi. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa iliifuta sheria hiyo yote, na Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikairudisha. Hiyo asilimia 5 inakatwa na anayelipa, mfano kampuni ya Nairobi inayokupa tangazo la sabuni, na inahesabiwa kama malipo ya awali ya kodi yako ya mwaka. Kampuni ikikata isipokupa cheti, huna cha kuonyesha kwenye iTax ifikapo Juni 30, na utalipa tena kilichokwisha lipwa.

Hapo ndipo mchekeshaji wetu anapokwama akiwa na skrinishoti ya M-Pesa tu. Inaonyesha shilingi zilizoingia, haionyeshi dola 500 za mwanzo, wala 18 za Marekani, wala ada ya 10. Anayehitaji kumthibitishia ofisa anatoa vitu vitatu vya mwezi ule: risiti ya malipo kutoka AdSense, taarifa ya benki yenye bei ya kubadilishia, na fomu ya 1042-S ambayo Google hutoa kila mwaka kwa aliyekatwa kodi ya Marekani. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka mitano. Na zote tatu zinapaswa kuwa na jina moja, lile alilopewa na mamake.