Umepewa Wera Bila Intavyu? Shtuka, Msee!

Mesej inaingia Wasap: “Hongera, umechaguliwa kazi ya supamaketi. Tuma 850 ya medikal na picha ya kitambulisho leo, nafasi zinaisha.”

Tulia kwanza. Hujafanya intavyu, sasa umechaguliwa na nani? Mwajiri wa ukweli kwa kawaida huanza na intavyu, halafu barua ya kazi.

Cheki pia doo inaenda wapi. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji na unaweza kukatisha. Likiwa jina la mtu tu, si kampuni, katisha.

Kitambulisho na selfi usitume. Mkora anaweza kuvitumia kukopa kwa jina lako. Pigia kampuni kwa namba ya tovuti yao, si ile ya mesej.