Mauzo Linganishi: Bei ya Kiwanja cha Kisesa Inavyopatikana

Mwenye kiwanja akitaka kuuza, jambo la kwanza analomuuliza dalali ni kitafika ngapi. Dalali anayeijua kazi yake hatoi jibu papo hapo. Anaomba siku chache akaulize viwanja vya jirani vimeuzwaje, kisha anarudi na karatasi yenye mauzo matatu au manne. Hayo ndiyo mauzo linganishi: mauzo yaliyokwisha kukamilika, ya karibuni, ya mali inayofanana na ile inayouzwa, ambayo bei zake hurekebishwa kufuatana na tofauti zilizopo ili zionyeshe mali hii ingeuzwa kiasi gani leo.

Wako wanaosema "mali linganishi", nao hawajakosea sana. Mimi nashika "mauzo" kwa sababu kiwanja ambacho hakijauzwa, hata kikifanana na chako kwa kila kitu, hakina bei ya kulinganisha nayo. Kina bei anayoitamani mwenyewe tu. Neno "linganishi" tunalo tayari katika isimu linganishi na fasihi linganishi, na hapa linafaa zaidi kuliko "fananishi", maana hakuna viwanja viwili vinavyofanana kabisa. Tunaviweka pamoja ili tuzipime tofauti zake. Sheria yetu nayo inasimama kwenye msingi huohuo. Kanuni za kukadiria thamani ya ardhi kwa ajili ya fidia, zilizotolewa mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi, zinataka thamani ya soko ipatikane kwa njia ya ulinganisho, kwa ushahidi wa mauzo halisi ya karibuni ya mali zinazofanana.

Kisesa ni mahali pazuri pa kuielewa istilahi hii, kwa sababu ulinganisho wa pale unataka uangalifu. Ni eneo la Wilaya ya Magu lililo kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, na hapo hapo inaanzia barabara ya lami inayokwenda Usagara bila kupitia katikati ya jiji. Watu wanaofanya kazi mjini wanajenga huko. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati kinaweza kupakana na kipande cha shamba kilichokatwa na kuuzwa kwa karatasi ya mwenyekiti, na bei zikawa mbali ingawa udongo ni uleule.

Tuchukue mfano. Bei zote nitakazotaja ni za kuelezea tu, mtu asizichukue kuwa bei za soko la sasa. Mama mmoja ana kiwanja cha mita za mraba 600, kimepimwa na kina hati, kiko kwenye barabara ya vumbi umbali wa kama kilometa moja kutoka lami. Anataka shilingi milioni 14, kwa sababu kiwanja cha nyumba ya tatu kina kibao cha "kinauzwa" na mwenye kibao anataja milioni 14.

"Mama," dalali anamwambia, "kile kibao kina mwaka pale. Kingekuwa cha milioni 14 kingekwisha kuondoka."

"Sasa mwanangu, wewe umepata wapi bei yako?"

Hapo ndipo karatasi inapofunguliwa. Katika mauzo aliyoyaokota, mawili dalali ameyatupa kabla ya hesabu yoyote. La kwanza ni la mtu aliyeuza kwa siku tatu kulipia matibabu ya mgonjwa. Hiyo ni bei ya shida. Thamani ya soko inadai muuzaji asiyesukumwa, mnunuzi asiyelazimishwa na muda wa kutosha wa kutangaza. La pili ni la kaka aliyemuuzia mdogo wake, na bei ya undugu haisemi chochote kuhusu mgeni atakayekuja na fedha zake. Yamebaki matatu.

La kwanza ni kiwanja cha mita za mraba 500 katika mtaa uleule, chenye hati, kilichouzwa miezi miwili iliyopita. Aliyeuza amewaambia majirani kwamba alipata milioni 7. Dalali hakuridhika, akamtafuta mnunuzi, naye akasema alitoa milioni 7.5. Laki tano katikati ni "cha juu", yaani fedha ambayo dalali wa kiwanja kile aliiongeza juu ya bei ya muuzaji bila kumwambia. Bei ya kuandika kwenye karatasi ni ile iliyotoka mfukoni mwa mnunuzi, kwa sababu bei ya soko ni kile kiasi ambacho mtu yuko tayari kulipa. Kwa sababu hiyo ukimuuliza muuzaji peke yake utapata bei ndogo kuliko ya kweli, na ukisoma mkataba peke yake unaweza kupotea zaidi, kwani wengine huandika bei ya chini ili kodi na ada zipungue.

Milioni 7.5 ukigawa kwa 500 unapata shilingi 15,000 kwa mita ya mraba. Lakini kiwanja kile kina nguzo ya umeme mbele yake, na cha mama kinahitaji umeme uvutwe. Wanunuzi wa mtaa ule hukata kama shilingi 250,000 wakiona hali hiyo. Kanuni ni hii, na ndipo wengi wanapopinda: unarekebisha bei ya kile kilichouzwa, hugusi chako. Kilichouzwa kikiwa bora kuliko chako, unapunguza bei yake. Kikiwa duni, unaongeza. Hivyo 7,500,000 kutoa 250,000 ni 7,250,000, nayo kwa mita ni 14,500.

La pili ni kiwanja cha mita za mraba 800 karibu kabisa na lami, kilichouzwa milioni 14.4, sawa na 18,000 kwa mita. Mama anakipenda hiki, na si ajabu. Lakini ukaribu wa lami una bei yake, na bei hiyo haikisiwi. Dalali ametafuta viwanja viwili vilivyouzwa msimu mmoja, vyote vimepimwa, vyote vina umeme unaohitaji kuvutwa, kimoja kando ya lami na kingine ndani kilometa moja. Vimetofautiana shilingi 2,500 kwa mita. Tofauti nyingine kubwa haikuwapo, kwa hiyo kiasi hicho ndicho wanunuzi walicholipia lami. Toa 2,500 kwenye 18,000, unabaki na 15,500.

La tatu linahitaji utulivu. Ni kiwanja cha "25 kwa 25" kisichopimwa, kilichouzwa milioni 5 kwa karatasi ya mwenyekiti. Mtu mwenye haraka anazidisha 25 kwa 25, anapata 625, anagawa na kuandika shilingi 8,000 kwa mita. Amekosea kabla hajaanza. Zile ni hatua, siyo mita, na hatua ni mguu wa aliyetembea. Dalali alikwenda na futi kamba, akakuta mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Milioni 5 kwa 400 ni 12,500. Kiwanja kilekile, bei ileile, lakini tofauti kati ya hesabu mbili ni zaidi ya nusu ya ile ndogo. Kwa bei nyingi za chini zinazotajwa pembezoni mwa miji yetu, ningeuliza kwanza kama zimehesabiwa kwa hatua au kwa mita.

Kiwanja hicho kinaongezewa, kwa kuwa cha mama kimepimwa na chenyewe hakijapimwa. Kiasi cha kuongeza ni kile ambacho mnunuzi angelipa na kusubiri mpaka apate hati, pamoja na hofu yake ya mgogoro wa mpaka. Katika mfano wetu ni laki 6 kwa kiwanja kizima, yaani 1,500 kwa mita. Kinafika 14,000.

Sasa mama ana namba tatu: 14,500, 15,500 na 14,000. Kishawishi ni kuzijumlisha na kugawa kwa tatu. Dalali mwangalifu hafanyi hivyo, kwa sababu uzito wa namba hizi si mmoja. Ya kwanza imerekebishwa kwa asilimia 3 tu ya bei yake. Ya pili na ya tatu zimerekebishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kila moja. Kadiri unavyorekebisha sana ndivyo maoni yako yanavyoingia kwenye bei, na ushahidi wa soko unapungua. Kwa hiyo anaegemea 14,500. Mara 600 ni shilingi milioni 8.7, na mipaka ya chini na juu ni milioni 8.4 na 9.3.

"Tutangaze milioni 9.5, maongezi yapo," anasema. "Tukipata 8.7 hujapoteza. Akija mtu na 8, tumwache aende, tusubiri."

Hiyo 9.5 ndiyo bei ya kutangaza, na ni kitu tofauti na thamani. Imezidi kidogo kwa makusudi, kwa kuwa mnunuzi wa kwetu hawezi kununua bila kuomba apunguziwe. Ikizidi mno, mnunuzi hafiki hata kwenye kuomba, na kiwanja kinapata sifa ya kukaa sana, sifa ambayo baadaye inashusha bei chini ya pale ambapo ingeanzia.

Mama ana hoja moja ya mwisho, na ni ya haki. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, magari yanaongezeka njia ya Usagara, kwa nini bei isipande? Jibu ni kuangalia tarehe za mauzo. Yote matatu yakiwa yamefanyika baada ya daraja kufunguliwa, basi kama wanunuzi wanalilipia, fedha hiyo imeshaingia kwenye bei zao, na kuiongeza tena ni kuihesabu mara mbili. Yakiwa ya kabla ya hapo, dalali atafute walau uuzaji mmoja wa baadaye aone kama kweli kuna ongezeko. Matarajio ya muuzaji hayaandikwi kwenye karatasi mpaka mnunuzi mmoja ayalipie.

Kwa hiyo ukiwa muuzaji, mwombe dalali wako mambo matatu: kila uuzaji uwe na tarehe yake, bei iwe imethibitishwa na aliyelipa, na kila shilingi iliyoongezwa au kupunguzwa iwe na sababu iliyoandikwa. Mkubaliane pia malipo yake waziwazi tangu mwanzo ili cha juu kisipate nafasi. Na ujue mpaka wa karatasi hiyo: inatosha kupanga bei ya kutangaza, lakini siyo ripoti ya uthamini. Kwa mkopo wa benki, mirathi yenye mgogoro au fidia, kazi hiyo ni ya mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016.